WhatsApp Business kwenye duka la viatu: lebo kwanza, katalogi baadaye

Nauza viatu kwa simu. Sina fremu wala rafu ya kumwonyesha mtu. Mteja anaona picha, anauliza, analipa, mzigo unaondoka. WhatsApp Business ndiyo duka lenyewe, naishika tangu asubuhi mpaka usiku. Wengi wakiisifia huanza na katalogi, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi nikiulizwa kipi nisingekubali kuporwa, nitasema lebo, yaani zile alama za rangi ninazobandika kwenye mazungumzo na oda kujua kila moja imefika wapi. Katalogi inafuata, na majibu ya kujiendesha yenyewe nayapa nafasi ya mwisho. Lakini oda huanzia kwenye katalogi, basi tuanze huko.

Katalogi inapokea hadi bidhaa 500, na kila bidhaa inaweza kubeba hadi picha 10. Kwa muuzaji mdogo hiyo ni nafasi tele, mpaka pale utakapokutana na suala la saizi. Ukijaza bidhaa unaandika jina, bei, maelezo, na ukipenda namba yako ya kuitambulia. Kwenye fomu ninayojaza mimi hakuna mahali pa mteja kuchagua 38 au 41. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuifanya kila saizi kuwa bidhaa inayojitegemea. Piga hesabu: mitindo 10, kila mmoja rangi 3, kila rangi saizi 6, tayari ni bidhaa 180, na mteja anapekua picha zilezile hadi anachoka na kuondoka. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia, ni bidhaa moja kwa kila mtindo na rangi, halafu saizi tunaelewana kwenye mazungumzo. Namweleza mteja kwenye mstari wa kwanza kabisa wa maelezo: "Ukituma oda, andika na saizi." Si wote wanaosoma, lakini wanaosoma wananipunguzia kazi. Pea ikibaki moja, nahariri jina liwe "Raba nyeupe, 38 tu", na swali la "41 ipo?" linapungua.

Bei naiandika. Kuna wauzaji wanaoiacha wazi ili mteja aje kuuliza, na kwa kweli anakuja, yeye na wengine chungu nzima wanaouliza "bei gani?" kisha wananyamaza. Bei ikiwepo, mteja anakusanya vitu kwenye kikapu, anaona jumla, na kikapu chote kinanifikia kama ujumbe mmoja. Anayeandika "Mambo, hii ipo?" bado anachungulia. Aliyetuma kikapu kwa kawaida amekwisha kuamua.

Sasa, kikapu hakijui stoo yako. Mteja anaweza kuweka pea tano za kiatu ambacho umebakiwa na pea moja, na watu wawili wanaweza kutuma oda ya pea hiyohiyo usiku mmoja. Hakuna aliyewekewa chochote. Kwa hiyo idadi ya pea naihesabu kwenye daftari, saizi kwa saizi, na kila anayeagiza namwambia mapema kwamba pea ni ya atakayetangulia kulipa. Kitu kikiisha, usikifute, kifiche tu. Kinatoweka machoni pa wateja na wewe unabaki na picha zake na maelezo yake, mzigo mwingine ukiingia unakifichua. Halafu picha mpya hupitiwa kwanza na WhatsApp kabla haijaonekana kwa wateja, na isipokubaliwa unaona alama nyekundu ya mshangao. Ndiyo maana siongezi bidhaa wakati mteja yuko hewani ananisubiri. Namtumia picha ya kawaida tuendelee na mazungumzo, katalogi itafuata.

Tuje kwenye lebo. Programu inakuruhusu kuwa nazo hadi 20, na mteja haoni hata moja. Zile unazozikuta zimeshatengenezwa zinatosha kuanzia, mimi nimezibadilisha majina tu na kubaki na chache: Oda mpya, Inasubiri malipo, Imelipwa, Imetumwa, na moja ya Kubadilisha kwa wale ambao kiatu kimewabana. Sijaweka lebo ya "mteja mzuri" wala "msumbufu". Lebo inatakiwa iniambie kazi iliyobaki, tabia ya mtu nitaikumbuka bila rangi.

Jambo ambalo wengi hawajalishika ni kwamba lebo inaweza kukaa juu ya mazungumzo yote au juu ya ujumbe mmoja ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niipende. Chukua oda ya aina hii, ambayo kwangu ni ya kila siku. Usiku dada mmoja ananitumia kikapu: raba nyeupe pea moja, ndala nyeusi pea mbili. Ujumbe wa kutokuwepo unamwendea wenyewe na kumwomba saizi na mahali alipo. Anajibu: raba 38, ndala 37 na 41. Asubuhi nabonyeza ujumbe wa kikapu kwa muda, naupa lebo ya Oda mpya, halafu nafungua daftari. Ndala 41 hakuna, kuna 40 na 42. Namwambia, anachukua 42.

Kikapu kikishatumwa hakifuati mlichokubaliana baadaye, na jumla iliyomo haina nauli. Kwa hiyo naandika oda upya kwa maneno: raba nyeupe 38, ndala nyeusi 37, ndala nyeusi 42, nauli, jumla, mahali pa kupeleka. Namwomba ajibu "sawa". Akishajibu, ujumbe huo wenye oda kamili ndio ninaoupa lebo ya Inasubiri malipo, na ile ya kwenye kikapu naitoa. Akinitumia picha ya muamala siibadilishi lebo kwa sababu ya picha. Naangalia salio langu kwanza, hela ikionekana ndipo oda inakuwa Imelipwa. Picha inaweza kuhaririwa, au ikawa ya muamala wa juzi.

Mchana, kabla mzigo haujamfikia, dada yuleyule anaandika palepale: "Na ile nyekundu 37 ipo?" Hiyo ni oda ya pili ndani ya mazungumzo yaleyale. Ningekuwa nimeweka lebo juu ya mazungumzo, sasa yangekuwa na Imelipwa na Inasubiri malipo kwa pamoja, na msaidizi wangu akifungua kompyuta asingejua kipi kifungwe na kipi kisubiri. Kwa kuwa lebo zimekaa kwenye ujumbe, nikifungua orodha ya Imelipwa naupata ujumbe wa oda ya kwanza wenyewe, na saizi zake, na mahali pa kupeleka. Orodha hiyo ndiyo tunayofungia mizigo.

Tahadhari: kuweka lebo mpya hakuiondoi ya zamani. Unaiondoa kwa mkono. Ukiona ujumbe uko Imelipwa na wakati huohuo uko Inasubiri malipo, jua kuna mtu alikatishwa katikati ya kazi, na usimdai mteja kabla hujaangalia salio. Kwa msaidizi wangu nimeweka utaratibu mmoja tu: toa ya zamani kwanza, ndipo uweke mpya. Akikatishwa hapo katikati, ujumbe unabaki bila lebo kabisa, kwa hiyo jioni tunapitia mazungumzo ya siku kutafuta oda ambazo hazina rangi. Afadhali hivyo kuliko kumdai mtu aliyekwisha kulipa.

Majibu ya kujiendesha ndiyo yanayotangazwa sana, na ndiyo yanayowavunja moyo watu, kwa sababu wanadhani yatauza yenyewe. Hayasomi swali. Ujumbe wa salamu unamwendea anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Maana yake mteja wako wa kila wiki hataupata kamwe, kwa hiyo ukibadilisha namba ya malipo ukaiandika kwenye salamu, yeye ataendelea kulipa kwenye ile ya zamani. Salamu yangu ni ya mistari miwili na kiungo cha katalogi, basi.

Ujumbe wa kutokuwepo una faida zaidi kama umeandikwa kumpa mteja kazi ya kufanya. Wangu uko hivi:

"Asante kwa kutuandikia. Kwa sasa hatuko kwenye simu, tutakujibu kuanzia saa mbili asubuhi. Ili tusikucheleweshe, tuandikie: 1) kiatu na rangi, 2) saizi, 3) mahali ulipo. Oda haijathibitishwa mpaka tukujibu."

Sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo kuna atakayechukulia jibu la mashine kuwa ni "ndiyo", alipe usiku kwa pea ambayo haipo. Na kama umeandika saa mbili, saa mbili uwepo. Ujumbe huu unaweza kuupangia utoke nje ya saa zako za kazi tu, lakini simu lazima iwe na intaneti. Ukizima data unapolala, hautoki. Kisha ingia sehemu ya wapokeaji uwaondoe ndugu. Shemeji akikuandikia usiku kuhusu mgonjwa halafu akajibiwa "tuandikie kiatu na rangi", utaeleza mpaka uchoke.

Majibu ya haraka ni kitu kingine, watu huyachanganya na hayo. Haya huyatumi mpaka uamue. Unaandika alama ya mkwaju na neno ulilolichagua, kwa mfano /malipo, maandishi yote yanajitokeza, unarekebisha kidogo, unatuma. Unaweza kuwa nayo 50. Mimi nayatumia manne tu kwa siku ya kawaida: /saizi, /malipo, /nauli, /kubadilisha. Lile la saizi linamfundisha mteja kupima mguu kwa rula kutoka kisiginoni hadi kidole kirefu, akiwa amesimama. Tangu tulipoanza kulituma kabla ya kupokea hela, lebo ya Kubadilisha haijai kama zamani. Jina la jibu na liwe la kumtokea mtu kichwani bila kufikiri, maana ukianza kulitafuta kwenye orodha, bora ungeandika mwenyewe.

Kwa anayeuza vitu vya aina chache na kuhudumia mwenyewe au na mtu mmoja, ningemwambia aiweke leo. Mwenye bidhaa zenye saizi na rangi nyingi, na watu kadhaa wanaotoa mzigo kwenye stoo moja, ajue atahitaji mfumo mwingine wa kuhesabu mali pembeni, kwani hapa hakuna kitakachompunguzia pea kila anapouza. Kwangu daftari bado linatosha. Jumamosi jioni nafungua lebo ya Inasubiri malipo, waliokaa humo tangu wiki iliyopita nawaandikia mara moja kuuliza kama bado wanahitaji, na asiyejibu hadi Jumatatu namtoa kwenye lebo.