Leptopu ya gemu ya mtumba Malindi: ipi uchukue, ipi uiwache

Juzi kijana wa jirani kaniletea leptopu aliyonunua hapa mjini, ina chipu mbili za kuchora picha, Intel UHD ya ndani na GTX 1650 ya NVIDIA, analia GTA V inakwama kwama fremu 14 kwa sekunde na ataka kuirudisha kwa muuzaji. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nikaenda Performance gemu ikiwa inacheza, kumbe GPU 0 ile ya Intel inahema 97% na GPU 1 ya NVIDIA imelala fofofo kwa 0%. Yaani kanunua punda wawili, mzigo kambebesha yule mdogo.

Akaapa ashatengeneza Settings > System > Display > Graphics akaweka High performance. Kweli kaweka, lakini kwa PlayGTAV.exe, na hiyo kazi yake ni kufungua mlango tu. Gemu lenyewe ni GTA5.exe, nikaliongeza hilo, tukafunga tukafungua upya, fremu 60 (alinyamaza kidogo). Minecraft ya Java pia hivyo hivyo, unachagua javaw.exe, sio launcha.

Sasa ukienda kununua, mimi napanga hivi.

Ya kwanza ni yenye chipu mbili na swichi ya MUX. Kwa kawaida picha aliyochora NVIDIA inapitia kwa Intel ndio ifike kwa skrini, na hapo spidi fulani inapotea. MUX inaunganisha skrini moja kwa moja na NVIDIA, Intel anatoka njiani kabisa na hakuna cha gemu kukosea chipu. Ubaya wake bateri inaisha mbio, na nyingi unarestati kila ukibadilisha.

Ya pili, na wengi wetu ndio mfuko unafika hapa, ni chipu mbili bila MUX kama hiyo ya kijana, iko sawa tu ukijua kuchagua exe.

Ya tatu ni chipu moja ya ndani yenye nguvu, kama Radeon 680M. Gemu kubwa utashusha setingi lakini hutawahi kutafuta chipu iliyopotea, na kwa eFootball mimi ningeichukua hata kabla ya ile ya pili ikiwa hiyo ya pili ni kuukuu.

Ya mwisho, iwache hata ukipunguziwa: ile ambayo Device Manager ina alama ya njano kwa NVIDIA na ndani imeandika Code 43. Muuzaji atakwambia ni draiva tu. Basi mwambie aweke draiva mpya hapo hapo mbele yako, na ikibaki Code 43 mara nyingi chipu yenyewe imekufa, gemu itaangukia Intel au isiwake kabisa.

Na ukijaribu dukani hakikisha chaja imechomekwa, maana kwa bateri NVIDIA inabanwa na utaikataa bure mashine iliyo sawa. Stima ikikatika hapo, rudi kesho.