Uzoefu wangu wa kudai fidia ya bima ya moto kwa duka la Masasi

Nina duka la magodoro, vitenge na taa za sola mjini Masasi, mkoani Mtwara. Duka liliungua usiku katika msimu wa korosho, na naandika haya kwa ajili ya wafanyabiashara wenzangu wanaotaka kujua kampuni ya bima inaangalia nini hasa katika barua ya madai.

Usiku huohuo nilimpigia simu wakala, na asubuhi akaniambia nijaze fomu ya madai na kuiambatanisha na barua ya maelezo. Katika barua hiyo nilijizuia nisiseme chanzo cha moto. Niliandika yale tu yaliyoonekana: "Mnamo saa nane usiku mlinzi wa jengo aliona moshi ukitokea juu ya mlango wa nyuma. Nilipofika, kufuli za milango yote miwili zilikuwa zimefungwa na hazikuvunjwa, na moto ulikuwa umeshika upande wa magodoro, karibu na sakiti breka." Kazi ya kueleza chanzo niliiachia ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo baadaye ilitaja hitilafu ya umeme. Mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni aliniuliza habari za kufuli na nani ana funguo kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, na kwa kuwa jibu lilikwishaandikwa kwenye barua, hatukubishana.

Sehemu iliyonichukua muda ni orodha ya mali. Niliigawa kwa hali ya bidhaa: zilizoteketea kabisa na zilizoharibika lakini bado zina thamani. Magodoro 60 yaliteketea yote, na kwa bei ya kununulia ya shilingi 120,000 kila moja yalifika 7,200,000. Vitenge doti 250 viliungua, kila doti shilingi 20,000, jumla 5,000,000. Doti nyingine 150 hazikuguswa na moto, bali zililowa maji ya zimamoto na kunuka moshi. Hizo nilizidai kwa nusu ya bei, yaani 1,500,000, kwa sababu bado zingeweza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mkadiria alifungua marobota hayo moja moja, akanusa, akaangalia rangi zilivyochuja, kisha akaikubali nusu hiyo. Uharibifu wa maji ya kuzimia moto unahesabiwa kuwa hasara ya moto, kwa hiyo usiuache nje ya barua. Taa na betri za sola zilikuwa za 2,300,000. Jumla ikawa 16,000,000.

Bei zote ni za kununulia, zikiwa na risiti za EFD za wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, ambazo huwa nazipiga picha kwa simu kila mzigo unapofika. Faida ambayo ningeipata kwa kuuza haimo, kwa kuwa bima ya moto ya kawaida hailipi faida iliyopotea isipokuwa umeikatia bima yake.

Sasa nieleze kilichoniuma. Bima niliikata mwezi Machi kwa kiwango cha shilingi 36,000,000, na kwa mzigo wa Machi kilitosha. Lakini Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa, wakulima wanapata fedha na sisi wa madukani tunajaza mzigo. Usiku wa moto vitabu vyangu vilionyesha mali ya 48,000,000. Hapo kampuni ilitumia kanuni ya wastani: ukiwa umekatia bima robo tatu ya mali, unalipwa robo tatu ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiwango cha bima. Kwa hiyo 16,000,000 ikashuka hadi 12,000,000, na baada ya kuondoa asilimia 5 ambayo mkataba unanitaka niibebe mwenyewe, nikalipwa 11,400,000. Kifungu hicho kimo kwenye mkataba, lakini wakala anayeuza bima katika wilaya ya korosho alipaswa kunifafanulia siku ya kwanza kabisa. Nililalamika kwa maandishi. Kampuni ikajibu kwa heshima, ila haikubadili hesabu.

Katika mengine huduma yao niliiona ya haki. Mkadiria alikuja akiwa tayari ameisoma barua, hakukata bei yoyote yenye risiti, na malipo yaliingia benki bila kuzungushwa. Nimehuisha bima kwao, safari hii kwa nyongeza ya mkataba inayopandisha kiwango kuanzia Septemba hadi Januari. Ada imeongezeka kwa miezi hiyo tu, na kiwango kipya kimeandikwa kwenye hati yenyewe, si kwa maneno ya wakala.