Kikokotoo cha pankeki: hesabu iko sawa, ila hakijui kikaango chako

Ninauza chai na pankeki asubuhi karibu na steji ya Kondele, hapa Kisumu. Chapati na mandazi wanauza wengi, kwa hiyo mimi nilibaki na pankeki nyembamba zile za kukunja, na oda zake hazitabiriki. Leo mtu anataka 10 za watoto wa shule, kesho kikundi cha akina mama kinataka 40. Ndiyo maana nilianza kutumia kikokotoo cha bure kwenye simu: unaandika idadi ya pankeki unazotaka, nacho kinakuambia unga, maziwa na mayai. Nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza.

Kipimo chake cha msingi ni kile kinachojulikana na wapishi wengi wa pankeki nyembamba: unga wa ngano gramu 100, maziwa mililita 300 na mayai 2, hapo unapata pankeki 8. Ukiandika 16 kinazidisha kila kitu mara mbili, ukiandika 4 kinagawanya kwa mbili. Hakuna uchawi humo, na katika kuzidisha sijawahi kukikuta kimekosea.

Shida iko kwenye neno "pankeki". Kikokotoo kinaposema 8, kinawaza pankeki ya ukubwa gani? Chukua hesabu yenyewe. Unga gramu 100 ukishalowa unaongeza takriban mililita 70 tu, maziwa ni 300, na mayai mawili bila maganda yana kama 100. Jumla ni mililita 470 hivi. Gawa kwa 8, kila pankeki inapata karibu mililita 60. Kiasi hicho kinatosha kikaango cha sentimita 20. Changu kina sentimita 24, na watu wengi sokoni Kibuye hununua kikubwa kuliko hicho, maana ndicho kinachofaa pia chapati.

Sentimita nne zinaonekana si kitu, lakini rojo linafunika eneo lote la kikaango, na eneo hukua haraka kuliko upana. 24 ukiizidisha kwa 24 unapata 576. 20 kwa 20 ni 400. Kikaango changu kinameza karibu mara moja na nusu ya kile kinachowazwa na kikokotoo. Mteja akitaka 24 nami nikaandika 24, kinanipa unga gramu 300, maziwa mililita 900 na mayai 6. Rojo hilo kwangu linaishia pankeki ya kumi na sita. Nane zilizobaki nitazitoa wapi, na mteja ameshafika?

Kwa hiyo kabla ya kukiamini, pima upawa wako. Tafuta upawa ambao ukiumimina mara moja rojo linaenea hadi ukingoni mwa kikaango bila kurudia. Ujaze maji, uyamimine kwenye jagi lenye alama za mililita. Wangu unabeba 90. Gawa kwa 60, unapata 1.5, na hiyo ndiyo namba ya kuzidisha oda zako zote kwenye kikaango hicho. Oda ya 24 naiandika kwenye simu kama 36. Jibu linakuja: unga gramu 450, maziwa mililita 1,350, mayai 9. Na pankeki zinatoka 24 kweli, labda ukose moja ukimwaga kwa haraka. Kikokotoo kingeuliza tu upana wa kikaango mwanzoni, nyota ya tano ingekuwa yake.

Jambo la pili ni mayai. Unga na maziwa unaweza kuvikata popote, lakini ukiandika 6 kinakuambia yai 1.5. Shemeji yangu alinicheka: "Sasa hiyo nusu utamwachia nani, kuku?" Ukitia yai moja tu kwa unga gramu 75, pankeki inakosa cha kuishika na inachanika ukiigeuza. Ukitia mawili inaanza kuvuta na kuonja kama yai la kukaanga. Ukilazimika, piga yai katika kikombe, kisha chota kijiko kikubwa kimoja na nusu, kwa kuwa yai zima ni kama vijiko vikubwa vitatu. Lakini iko njia rahisi zaidi: andika namba inayogawanyika kwa nne. Kila pankeki 4 za kikokotoo ni unga gramu 50, maziwa mililita 150 na yai moja zima. Hesabu yako ikileta 30, andika 32. Ziada haitazidi tatu, nazo ni za kuonja.

Kwenye oda kubwa usijisumbue. Oda ya 30 kwangu inakuwa 45, na simu inasema mayai 11.25. Vunja 11 uendelee. Robo ya yai ndani ya rojo la zaidi ya lita mbili na nusu haionekani, ilhali nusu yai ndani ya rojo dogo inabadilisha kila kitu.

Yai linalohesabiwa hapo lina karibu gramu 50 bila ganda, yaani yale ya gredi ya kawaida. Mayai ya kienyeji mara nyingi ni madogo. Ukiyatumia, acha kuhesabu, vunja kwenye bakuli juu ya mizani hadi ufike uzito: kwa mayai 9, gramu 450. Huenda ukavunja 11.

Unga nao una tabia zake. Kikokotoo kimewaza unga mweupe wa ngano. Unga wa atta una pumba na hunywa maziwa zaidi, kwa hiyo rojo lililokuwa sawa ukikoroga linakuwa zito baadaye. Ndiyo maana sihukumu rojo kabla halijatulia nusu saa. Nachanganya unga na mayai na maziwa kidogo kwanza, hadi madonge yaishe, ndipo namimina maziwa yaliyobaki. Likishatulia nachovya kijiko: likiufunika mgongo wake kwa utando mwembamba na kudondoka kama uji mwepesi, liko tayari. Likisita kuenea kwenye kikaango, ongeza maziwa vijiko viwili kwa wakati. Likienea vizuri lakini pankeki inachanika, rudisha kijiko cha unga. Usiongeze yai.

Nusu saa hiyo isigeuke kuwa asubuhi nzima. Joto la Kisumu mnalijua, na maziwa na mayai mabichi hayavumilii kukaa nje. Asiye na friji akoroge oda kubwa kwa awamu mbili. Namba za kikokotoo zinagawanyika kirahisi.

Kuna pia kitufe cha kubadilisha gramu kuwa vikombe. Mimi sikigusi. Kikombe chake cha unga ni gramu 125, uliochotwa bila kushindiliwa. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa kikubwa kuliko hicho, na unga ulioshindiliwa unaongeza gramu nyingine bila wewe kujua. Kama huna mizani, tafuta kikombe cha plastiki chenye alama ya mililita 250, jaza unga kwa kijiko, usawazishe juu kwa kisu, na usikigongegonge mezani.