Uzoefu wangu na bakarati ya simu: kile kiboksi cha sare

Nimecheza bakarati, ule mchezo wa karata, mtandaoni kwa miezi mitatu, usiku nikishafunga duka langu hapa Ngamiani, Tanga. Programu yenyewe haina tabu: video haikwami na hela ukitoa inaingia kwenye simu. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya kiboksi cha katikati ya meza, kilichoandikwa TIE, yaani sare: pale mkono wa pleya na wa benka, zile pande mbili za kubetia, inapolingana pointi.

Kilichoninasa ni odi ya 9.00. Sisi tuliozoea mikeka ya mpira, tisa inatutoa mate. Lakini humo ndani limo na dau lako, kwa hiyo ukiweka 1,000 faida ni 8,000. Kwa karata za seti nane, sare hutokea kama mara 9.5 katika raundi 100. Ili usipunjwe, odi ingepaswa kuwa karibu 10.5. Hiyo tofauti ndiyo wanayokula wao, shilingi 14 na ushee kwa kila 100 unayoweka. Kwa pleya wanakula shilingi 1.24. Kwa benka ni 1.06, na hapo wameshakata ile kamisheni yao ya asilimia 5 kwenye ushindi.

Mimi nilijidanganya kwamba sare ni bima. Naweka 1,000 pleya, 1,000 nyingine sare, nikiamini mikono ikilingana nitakuwa nimejikinga. Kumbe ikitoka sare, dau la pleya au benka linarudishwa lote! Nilikuwa nakatia bima kitu kisichoungua.

Nikachukua daftari la madeni la dukani, nikaandika raundi 200 kwa mtindo huo. Pleya alishinda 89, benka 94, sare 17. Upande wa pleya nilipoteza 5,000. Upande wa sare niliingiza 136,000 na nikatoa 183,000, hasara 47,000. Bahati yangu nayo ilikuwa mbovu kidogo, maana kwa kawaida ningepata sare 19, lakini hata hizo 19 zingeniacha na hasara ya 29,000.

Kinachokera zaidi ni kwamba sare ikitoka, skrini inawaka taa na muziki, nawe unaona umeshinda. Zile raundi kumi zilizokula elfu kumi hazipigiwi hata kengele.

Beti ya jozi, karata mbili za kwanza zikifanana, nayo ni ndugu yake: inalipa 11 kwa 1, na wao wanabaki na shilingi 10 hivi katika kila 100. Kuna meza zinazolipa sare 9 kwa 1, na huko makato yanashuka chini ya shilingi 5. Bado ni zaidi ya mara nne ya benka. Kabla hujaweka chochote fungua ukurasa wa kanuni, utafute RTP, yaani asilimia ya madau inayorudi kwa wachezaji: sare ikiandikwa 85.64%, ndiyo hii ya kwangu.

Programu bado ninayo. Nacheza benka tu, elfu tano kwa wiki, zikiisha nalala.