Eafraya ya vipapatio vya friza: kabla hujauliza lita, pindua droo

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa na wageni hapa Nyegezi, kilo moja ya vipapatio imetoka friza, na eafraya yangu mpya haijamaliza wiki mbili. Dakika kumi zilipopita nikavuta droo, nikakuta maji ya kijivu yametuama chini na mafuta yanaelea juu yake. Nikaiinamisha kwenye sinki niyamwage. Ile sahani ya matundu inayokaa chini ya nyama ikachomoka, ikaja na vipapatio vyote na maji ya moto, moja kwa moja kwenye sufuria la ugali nililokuwa nimeliloweka. Mkono wa kushoto una alama hadi leo. Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Pole sana shemeji. Sasa tunakula nini?"

Nilipowasimulia wasomaji wangu, dada wawili wa Igoma na mmoja wa Bunda wakaniambia zao zinafanya vivyo hivyo. Mmoja anaishikilia sahani kwa uma kila anapomwaga. Kwa hiyo leo sizungumzii rangi, taa za kioo wala vitufe vinane vya keki na pizza ambavyo hakuna anayevibonyeza. Nazungumzia sahani.

Ukikaanga chipsi, sahani legevu haikusumbui sana, kwa sababu chipsi hazitoi maji ya kumwagwa. Vipapatio vya friza ni habari nyingine. Vingi vimepakwa utando wa barafu kiwandani ili visikauke, na ndani ya nyama kuna barafu pia. Barafu hiyo ikiyeyuka lazima iende mahali. Ngozi ikiwa bado imelowa, joto lote linaishia kugeuza maji kuwa mvuke, na ngozi inabaki kwenye nyuzi 100 hata kama mashine imeandika 200. Haiwi ya kahawia, haikauki, inachemka tu. Ndiyo maana watu wengi wanalalamika kwamba eafraya "imewapa supu".

Sahani ina kazi mbili basi. Kwanza, isidondoke ukimwaga maji. Pili, ikae juu kiasi cha kutosha ili maji yasiguse nyama kabla hujayamwaga. Yangu ilifeli zote mbili. Vimpira vyake vinne vya pembeni vilikuwa laini, na vikipata mafuta vinateleza. Chini yake, nilipoipima baadaye, hata kidole changu kidogo hakikupita. Ukiweza kulaza kidole cha kati chini ya sahani bila kukilazimisha, nafasi inatosha.

Sasa mapishi, kwa sababu bila kujua unachokwenda kufanya huwezi kujua ununue nini. Mimi napika kiasi cha gramu 600, vipande 12 hivi vilivyokatwa kwenye kiungo, kwenye droo ya lita nne na kitu. Vinakaa safu moja, kwa kubanana kidogo. Naweka nyuzi 180 kwa dakika 10, bila chumvi, bila viungo, bila mafuta, kwa sababu ukivipaka sasa vitateremka na maji. Dakika ya 6 navuta droo na kuachanisha kwa koleo vile vilivyoshikana. Dakika ya 10 namwaga maji yote. Hapo ndipo ngozi inakuwa imelainika na kushika viungo: chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, kijiko kimoja cha mafuta. Narudisha kwa nyuzi 200 dakika 14, natikisa kila baada ya dakika 5. Jumla ni dakika 24 za moto. Ukivitikisa kila dakika mbili kwa wasiwasi, unatoa joto nje na vitachelewa. Usipotikisa kabisa, upande wa chini unabaki mweupe na umevimba kama mkono uliokaa kwenye maji ya kufulia.

Kuiva ni nyuzi 74 katikati ya nyama, karibu na mfupa lakini bila kuugusa. Vipapatio mimi navipeleka hadi 85, maana vina ngozi na kano nyingi na kwenye 74 bado vinavutika mdomoni. Huna kipimajoto? Shika kiungo ukizungushe: kikizunguka bila ubishi na mchuzi unaotoka uko wazi, uko vizuri. Usiogope wekundu ulio kwenye mfupa wenyewe. Kuku wachanga waliogandishwa hutoa rangi ya uboho hata wakiwa wameiva, kwa hiyo rangi peke yake isikuamulie.

Oveni nayo inafanya kazi, lakini uipe muda wake. Nyuzi 220, kuipasha kwanza dakika 15, vipapatio juu ya wavu na trei chini yake, dakika 25, unamwaga maji, unaweka viungo, unageuza mara moja, kisha dakika 25 nyingine. Jumla saa moja na dakika tano tangu uwashe. Usivilaze kwenye trei tupu, vitaogelea. Nilisoma mita ya LUKU mara zote mbili: eafraya ilikula kama nusu uniti, oveni ikakaribia mbili. Lakini niwe mkweli, oveni inabeba kilo mbili kwa mkupuo. Eafraya ya lita nne inahitaji mizunguko minne kwa kiasi hicho, yaani zaidi ya saa moja na nusu, na wa kwanza wanakula wakati wa mwisho wanasubiri. Ukiwa na kipaimara au mahafali, washa oveni.

Haya, nianze kupanga, na sifichi upendeleo wangu.

Ya kwanza ni Philips, na ya pili iko mbali. Namaanisha ule muundo wa kikapu kinachokaa ndani ya chungu chake. Hawa ndio walioileta eafraya sokoni mwaka 2010, na mpangilio huo wa mwanzo ndio unaowafaa watu wa vipapatio. Unaweka vyote mezani, unabonyeza kitufe kwenye mpini, unainua kikapu na nyama yake, chungu kinabaki na maji. Unamwaga maji peke yake. Hakuna sahani ya kuruka kwa sababu wavu ni sehemu ya kikapu. Angalizo moja: usibonyeze kitufe hicho ukiwa unatikisa hewani, chungu kitakuangukia mguuni. Na si kila Philips ina muundo huo. Ukikuta yenye sahani ya kutoa, ipime kama nyingine zote, jina lisikulevye. Ni ghali, najua. Nimeuza friji dogo kuipata na sijutii.

Ya pili ni Ninja ya droo moja. Ina sahani ya kutoa, ndiyo, lakini vimpira vyake vinabana, na zile nilizozishika sahani ilikaa juu vya kutosha. Nilipindua ya dada yangu mara sita na haikutoka. Baada ya mwaka wa kuoshwa na sabuni sijui vimpira hivyo vitakuwaje, ndiyo maana siipandishi juu. Zile zenye droo mbili ni za familia kubwa na zinakula umeme mwingi, zaidi ya wati 2000. Usizichomeke kwenye ekstensheni ya kichina pamoja na friji.

Ya tatu ni zile za mlango wa mbele zenye trei kama oveni ndogo. Maji yanadondokea trei ya chini, sahani haikuangukii, hapo zimeshinda. Lakini huwezi kutikisa. Unageuza kimoja kimoja kwa koleo huku mlango uko wazi na joto linakimbia, na trei ya juu inaungua wakati ya chini bado. Ongeza dakika 5 na ubadilishane trei katikati.

Za bei ya chini za vitufe vya kuzungusha: kipima muda chake kinaendelea kuhesabu hata droo ikiwa nje, na sahani ni ileile iliyonichoma. Kama pesa ndiyo hiyo, nunua, lakini mwaga maji kwa kutoa vipapatio kwanza. Nimemaliza.

Sasa hizo lita. Jamani wauzaji, lita ni za maji. Vipapatio havipimwi kwa lita, vinapimwa kwa eneo la chini. Nimeona iliyoandikwa lita nane juu ya boksi, droo ndefu kama ndoo ya kuogea, lakini chini yake haina upana zaidi ya sahani ya wali. Ukijaza hadi juu unapata vipapatio vya juu vimeungua na vya chini vimechemka. Beba rula. Chini ya sentimita 20 kwa 20, gramu 600 hazikai safu moja.

Na bei ya Mwanza nayo! Unaonyeshwa bei ya Kariakoo kwenye simu, unakubali, ukifika dukani imeongezeka "ya usafiri", ukisema utafikiria, ya usafiri inapungua nusu kabla hujafika mlangoni. Kumbe boksi lilikuwa linasafiri kwa mdomo. Aliyeniuzia ile ya kwanza alikataa kabisa boksi lisifunguliwe, eti litachakaa. Nilipomrudia na mkono umefungwa bandeji, akaniambia nimeitumia vibaya, eafraya haimwagwi maji. Nikamuuliza maji yaende wapi. Akaniuliza kwa nini nisinunue kuku wa kienyeji.

Angalia pia maandishi ya nyuma: 220–240V. Zipo za mtumba zinazokuja zimeandikwa 120V, ukichomeka tu umeme wetu unaziua siku hiyohiyo.

Na vipapatio vyenyewe, tikisa pakiti kabla ya kulipa. Vikichezacheza ndani, vizuri. Vikiwa jiwe moja, na barafu imelala upande mmoja, umeme ulikatika mahali fulani vikayeyuka na kuganda tena. Viache hapohapo. Hata eafraya bora haitaviachanisha dakika ya 6.

Siku hizi nikienda kununulia mtu natembea na vitunguu vitatu kwenye mkoba. Naviweka kwenye droo, naipaka sahani mafuta kidogo kwa kidole, napindua juu ya kaunta na kutikisa. Vitunguu vikidondoka peke yake, tunazungumza bei. Sahani ikidondoka navyo, nafunga mkoba. Kuna kijana mmoja wa dukani ambaye akiniona naingia anaanza kufungua boksi kabla sijamsalimia.