Rekoda ya simu na Google Sheets kwa kufuatilia ahadi za msambazaji: uzoefu wangu

Naagiza vifaa vya ujenzi kutoka Nakuru vikiletwa Kisumu, na karibu kila kitu huagizwa kwa simu. Oda moja huzaa simu nne au tano, na katika kila simu kuna bei, idadi au siku ambayo haikutajwa vile ilivyotajwa mara ya kwanza. Ninachotumia ni rekoda iliyokuja na simu yenyewe ya Android, pamoja na jedwali moja la Google Sheets. Vyote viwili ni bure. Uamuzi wangu ni kwamba rekoda peke yake haina kazi kubwa, ila ikiunganishwa na jedwali lililopangwa sawasawa, inakuonyesha ahadi ilipogeuka hata kama msambazaji aliigeuza kwa upole katikati ya salamu.

Kuhusu rekoda, usisumbuke na programu za kupakua. Tangu Mei 2022 Google Play hairuhusu programu za nje kutumia huduma za ufikivu kurekodi simu, na nyingi zilizobaki hunasa sauti yako tu huku ya mwenzako ikiwa kimya. Tumia ile iliyo ndani ya programu ya kupigia simu. Kwenye Samsung zilizo nayo, faili huingia kwenye folda ya Recordings/Call, na jina la faili hubeba jina la mtu, tarehe na saa. Hilo pekee linakuokoa kazi kubwa. Kwenye simu zinazotumia programu ya Google, sauti hutangaza kwa pande zote mbili kwamba simu inarekodiwa, na rekodi hubaki ndani ya historia ya simu, hivyo inabidi uishiriki moja moja ili kuitoa. Wengine hawapendi tangazo lile. Mimi nalipenda, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu ajue unachukua taarifa zake na kwa nini. Hata simu yako isipotangaza, sema mwenyewe mwanzoni: "Bosi, narekodi ndiyo oda isipotee." Sijaona msambazaji mwenye nia njema akikata simu kwa hilo.

Jedwali lina nguzo tisa za kujaza kwa mkono na moja ya fomula. A ni namba ya ahadi, B tarehe ya simu, C jina la faili na dakika ambapo maneno yalisemwa, D kipengele (bei, idadi, geji, siku, usafiri), E maneno ya msambazaji kama alivyoyasema, F sharti, G siku ya mwisho, H namba ya ahadi ya zamani inayofutwa na hii, na I siku ilipotimia. Nguzo J inajihesabia yenyewe. Fomula hii iweke J2 kisha uivute chini:

```
=IF(G2="","HAINA TAREHE",
 IF(COUNTIF(H:H,A2)>0,
  IF(INDEX(B:B,MATCH(A2,H:H,0))>G2,
   "IMEVUNJWA","IMEBADILIKA"),
  IF(I2<>"",IF(I2>G2,"IMECHELEWA","IMETIMIA"),
   IF(TODAY()>G2,"IMEVUNJWA","BADO"))))
```

Sehemu ya katikati ndiyo yenye thamani. Msambazaji akikupigia kabla ya siku ya mwisho na mkakubaliana siku nyingine, ahadi imebadilika. Akipiga siku ikishapita, ile ya kwanza ilikuwa imevunjika tayari, hata kama umekubali tarehe mpya. Watu wengi huandika tarehe mpya juu ya ya zamani, na mwishoni mwa oda kila kitu kinaonekana kilifika kwa wakati. Kwa hiyo usifute mstari hata mmoja. Ahadi mpya hupata mstari wake, na nguzo H inasema inafuta ipi. Nguzo B na G ziwe tarehe tupu bila saa, la sivyo simu ya siku ileile ya mwisho itahesabiwa kuwa imechelewa.

Kanuni ya pili inahusu ridhaa. Nguzo H ijazwe tu kama nawe ulikubali kwa maneno yanayosikika. Ukinyamaza au ukisema "tutaona", acha H wazi. Ahadi ya zamani itabaki hai na itawaka yenyewe siku yake ikipita.

Chukua oda hii ya mabati ya Juni 2025, ambayo inaonyesha karibu kila aina ya mgeuko. Simu ya kwanza ni Jumanne tarehe 3: mabati 120 ya boksi profaili, geji 30, futi 10, rangi nyekundu, shilingi 1,800 kila moja "mpaka hapo kwako", yafike "Jumatano wiki ijayo", nusu ya pesa ilipwe kabla ya Ijumaa. Hiyo si ahadi moja, ni nne: idadi, geji, bei pamoja na usafiri, na siku. Kila moja ina mstari wake, zote na tarehe 11 Juni kwenye G, kwa sababu zote zinapimwa siku mzigo unaposhuka. Kwenye F unaandika sharti la 108,000, na tarehe na namba ya muamala wa M-Pesa mara tu unapolipa. Bila hilo msambazaji atasema alichelewa kwa sababu wewe ulichelewa, na huenda ikawa kweli.

Simu ya pili, Ijumaa tarehe 6: "Lori tunaliunganisha na mzigo wa Kericho, kwa hivyo usafiri mtatusaidia kidogo tu." Hapa ndipo sikio linapohitajika. Hakutaja bei ya bati wala hakusema imepanda, lakini 1,800 ilikuwa pamoja na usafiri, na sasa usafiri umetoka nje. Unaandika mstari wa tano, kipengele "usafiri", maneno yake kama yalivyo, G na H wazi. J itasema HAINA TAREHE, nayo ni alama ya kumrudia: kidogo ni ngapi, na nani alikubali? Mstari wa tatu, ule wa bei, unabaki hai.

Simu ya tatu ilikuja Alhamisi tarehe 12, siku moja baada ya mabati kutofika. "Mashine ilisumbua, Jumatatu lazima. Na ile geji 30 nyekundu imeisha, iko 32, ni zilezile tu." Siku mpya ni 16 Juni, mstari wa sita, na H inaandikwa 4. Kwa kuwa simu ni ya tarehe 12 na mwisho ulikuwa 11, mstari wa nne unageuka IMEVUNJWA hapohapo. Geji ni jambo jingine kabisa: namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba, kwa hiyo 32 si "zilezile". Mnunuzi alikataa, basi hilo linaandikwa kama pendekezo, H wazi, na mstari wa pili haufutwi. Idadi, geji na bei nazo zinasomeka IMEVUNJWA, kwani hakuna kilichofika tarehe 11. Kama umekubali waziwazi kwamba mzigo mzima usogezwe hadi 16, ziandikie mistari mipya yenye siku hiyo na uzifute zile kwa H. Ni kazi ya dakika chache, na inazuia mabishano ya "tulisogeza siku, hatukusogeza bei".

Tarehe 16 lori lilifika na mabati 114. Geji ilikuwa 30, na hiyo ipime wakati wa kushusha kwa kifaa cha kupimia unene kabla ya kutia sahihi. Usitegemee maandishi ya nyuma ya bati peke yake. Simu ya nne: "Hizo sita tutamalizia." Haina siku. Nimegundua kwamba alama ya HAINA TAREHE hubeba hasara nyingi kuliko IMEVUNJWA, maana ahadi isiyo na siku haiwezi kuvunjika, na yeyote mwenye kuitoa analijua hilo. Usikate simu kabla hajataja siku. Usiziandike 120 kuwa zimetimia pia: nguzo I ya idadi hubaki tupu mpaka zile sita zishuke.

Kuandika maneno kutoka kwenye rekodi nafanya kwa kusikiliza, si kwa kuachia mashine. Simu zetu huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Dholuo katika sentensi moja, na namba ndizo huharibika kwanza. Thelathini na themanini kwenye laini mbovu husikika sawa. Kwenye geji kosa hilo utaligundua, maana hakuna anayeagiza bati la geji 80, lakini kwenye idadi unaweza usiligundue. Dawa ni kumfanya msambazaji arudie namba tarakimu kwa tarakimu: moja, mbili, sufuri. Saa ni mtego mwingine. "Saa nne" ni asubuhi au usiku kwa Kiswahili, ila mtu akichanganya lugha anaweza kumaanisha alasiri. Andika kwenye E alivyosema, na kwenye G tarehe uliyoifasiri, usichanganye. Vivyo hivyo "wiki ijayo" iliyosemwa Jumamosi na ile ya Jumatatu hazifanani. Ihesabu kutoka tarehe ya faili, si kutoka siku unaposikiliza. Maneno kama "nitajaribu", "Mungu akipenda" na "tutaangalia" siyaingizi kabisa kama ahadi. Nayaandika kwenye F kama sharti la ahadi iliyo karibu nayo.

Baada ya kila simu natuma ujumbe mfupi: "Tumekubaliana mabati 120, geji 30, futi 10, 1,800 pamoja na usafiri, Jumatano 11/6. Nisahihishe kama si hivyo." Jibu la "sawa" lina uzito kuliko rekodi ya dakika saba ambayo hakuna mtu atakubali kuisikiliza yote.

Kasoro kubwa ya mpango huu ni WhatsApp. Rekoda ya kupigia hainasi simu za WhatsApp, na msambazaji anayeona mambo yanambana huhamia huko. Simu hiyo ipe mstari wake vilevile, C iandikwe "WhatsApp, haina rekodi", na ujumbe wa kuthibitisha uende mara moja kwenye mazungumzo hayohayo. Kasoro ya pili ni kazi ya mkono: simu ya dakika sita huchukua muda mrefu zaidi ya huo kuichambua. Kwa oda za mifuko mitatu ya simenti haifai. Kwa mzigo wa laki mbili, faida yake inaonekana siku ya kulipa nusu iliyobaki, unapomtajia tarehe na dakika.

Mambo yakifika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, rekodi ya kielektroniki huambatanishwa na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kwa sababu hiyo faili la awali liache kwenye simu iliyorekodi, usilikate na usilibadilishe jina. Nakala ndiyo ya kusikiliza, kukata na kutuma.