Chupa za mafuta ya kukamua: angalia mdomo kabla ya umbo

Supamaketi moja hapa Kisumu imemrudishia msomaji wangu wa Ndhiwa katoni nzima ya mafuta ya karanga. Mafuta yenyewe hayana neno, yananukia karanga hasa. Shida ni tarehe ya mwisho wa matumizi: haisomeki. Yalivuja kidogo kwenye kifuniko, yakateremka begani hadi kwenye lebo ya karatasi, wino ukasambaa. Mkaguzi akija hapo, chupa hiyo haina tarehe, na kiwango cha KS EAS 38 cha lebo za vyakula kinataka tarehe na namba ya bechi zisomeke.

Kwa hivyo rangi za lebo na umbo la chupa mtajichagulia. Mimi leo niko mdomoni.

Mafuta huvuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto. Ukijaza nusu lita asubuhi ya baridi Njoro, nyuzi 20, kisha chupa ikashinda kwenye nyuzi 35 hapa Kibuye, mafuta yanaongezeka kama mililita 5, yaani kijiko cha chai. Chupa iliyojazwa hadi juu itayatolea wapi? Muulize muuzaji chupa inabeba mililita ngapi ikijaa pomoni, maana chupa ya "500" isiyobeba zaidi ya hapo haikufai. Usipunguze mafuta ili kupata nafasi, kwani utakuwa umempunja mteja na watu wa vipimo watakushika. Pima kwa mizani: nusu lita ya mafuta ya karanga ni karibu gramu 460.

Njia ya pili ni mteja mwenyewe. Akimaliza kumimina, tone la mwisho hubaki limening'inia kwenye ukingo, halafu linashuka nje. Dawa yake ni kile kiplastiki cha ndani cha kumiminia, chenye ukingo mwembamba unaokata uzi wa mafuta na kurudisha tone ndani.

Sasa orodha yangu. Nafasi ya kwanza, bila aibu: chupa ya kioo cha kahawia yenye mdomo wa milimita 31.5 x 24, na kifuniko cha alumini cha kampuni ya Guala chenye kimiminio ndani. Mimi ni mtu wa Guala, mniache. Kioo cha kahawia huzuia mwanga kuliko cha kijani, na mwanga ndio unaoanza kuyachachisha mafuta kabla ya kitu kingine. Lakini jueni hili: vifuniko vya aina hiyo huja bila hesi. Hesi hutengenezwa na mashine inayobana alumini kwenye shingo ya chupa, kwa hivyo weka bei ya kamashine ka mkono kwenye hesabu yako. Ukikaza kwa kiganja utarudi kwangu ukilia.

Lebo iwe ya plastiki ya polipropilini, si karatasi. Tarehe na bechi zichapwe kwa riboni ya rezini, kwa sababu chapa ya riboni ya nta hufutika ikiguswa na mafuta, na stika za karatasi ya risiti ni mbaya zaidi. Pakaza lebo mafuta, iache hadi asubuhi, kisha sugua kwa kidole gumba. Ikifutika, usinunue. Tarehe ikae lebo ya nyuma, na hapo pia uandike wazi kwamba ni karanga, kwa ajili ya wenye mzio.

Nafasi ya pili ni kopo la bati. Mwanga hauingii kabisa, lakini likibonyea halina sura ya kuuza, na wachapaji hawaangalii oda ndogo. Ya tatu ni plastiki ya PET ya rangi nzito. Inasafiri vizuri kwa basi, ila hewa hupenya polepole, basi iwe ya mafuta yanayoisha haraka dukani. Chupa za soda zilizooshwa? Tupite.

Na wauzaji wa vifungashio, mtatuua. Mtu anakupa bei ya chupa kwa simu, unalipa, mzigo unafika, vifuniko hamna. "Hivyo ni bei yake, madam." Vimiminio navyo ni bei yake. Ukijumlisha, chupa ile ya bei nafuu imeipita ile uliyoikataa. Wapo pia wachapaji wanaokuuliza kama wakuwekee alama ya KEBS, kana kwamba ni ua la pambo. Alama hiyo ina namba ya kibali, na mteja yeyote anaweza kuituma kwa SMS kwenda 20023 akajua kibali ni cha nani. Hao hao ndio huweka "haina kolesteroli" kwa herufi kubwa, utafikiri kuna karanga iliyowahi kuwa nayo.

Kabla ya kulipia katoni, itisha chupa tatu na vifuniko vyake kamili. Zijaze, zifunge, zilaze juani kifudifudi juu ya gazeti siku nzima. Doa likitokea gazetini, mtafute muuzaji mwingine.